Somo: Kujitoa kwenye intavyuu ya skolashipu mgonjwa wako akizidiwa, bila kujifungia mlango wa mwakani

Wadau habari za saa hizi. Jana usiku kuna mdogo wangu mmoja kanipigia, baba yake yuko chumba cha wagonjwa mahututi na Jumatano anatakiwa kwenye intavyuu ya skolashipu ya masters, anauliza afanyeje. Nimeongea nae kwa simu lakini nikaona niandike na hapa, maana swali hili linarudi kila msimu wa intavyuu na mimi mwenyewe lilishanikuta nikakosea vibaya.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nafundisha Dodoma, nimeitwa intavyuu Dar siku ya Alhamisi. Jumamosi usiku mama akaanguka bafuni kule Tukuyu, kiharusi, upande wa kulia wote haufanyi kazi. Jumapili nikapanda basi asubuhi, usiku niko Mbeya kwenye benchi la nje ya wodi. Mimi ndo mkubwa, wadogo zangu wote walikuwa shule. Jumatatu nikaandika imeili kwa simu pale pale benchini, ndefu kweli, mpaka presha ya mama nikaitaja 210 kwa 120, nikaeleza na baba alivyofariki, mwisho nikamalizia "naomba mnifikirie kwa namna yoyote itakayowezekana". Nikatuma. Jioni ile ile wakanijibu swali moja tu, je unajitoa au unaomba tarehe nyingine? Sasa simu ilikuwa imezima na chaja nimeacha Dodoma, jibu lao nikaja kuliona Jumatano mchana. Yaani ilibaki kidogo niandikwe kwamba nimeitwa na sikutokea, wakati nilikuwa nimeandika barua ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuamua, kabla hujagusa simu. Kuomba tarehe nyingine ni jambo moja, kujitoa ni jambo jingine, usiyachanganye kwenye imeili moja. Namna ya kuamua, muulize daktari au ndugu anayeshinda na mgonjwa hali inategemewa kuwaje wiki mbili zijazo. Kama unahitaji siku tatu nne tu za kumfikisha mgonjwa hospitali na kumpata mtu wa kukupokea, omba tarehe nyingine, au uliza kama wanaweza kukuhoji kwa video, baadhi ya paneli wanakubali. Lakini kama wewe ndo wa kulala wodini na hujui utatoka lini, jitoe. Paneli nyingi zinakaa siku chache tu halafu wanapeleka majina, ukiahirisha mara moja ukashindwa tena mara ya pili hapo ndo unaanza kuonekana mtu asiyeaminika.

Na ujue unachokiacha. Mfano Chevening, ile ya serikali ya Uingereza, nafasi ya mwaka huu haisogezwi kwenda mwakani. Ukijitoa, maombi ya mwaka huu yameisha, ila hawakuzuii kuomba tena msimu ukifunguliwa, unaanza fomu upya pamoja na insha zake zote. Kwa hiyo usiandike "naomba mnitunzie nafasi", hiyo nafasi haipo kwenye utaratibu wao na unamlazimisha mtu akujibu hapana. Kitu unachotaka kibaki ni jina safi.

Hatua ya pili, wapi na lini. Jibu kwenye imeili ile ile ya mwaliko ili wakifungua waone na historia yako yote, ila angalia kwanza isije ikawa ile anwani isiyopokea majibu, kama ni hiyo tafuta anwani iliyoandikwa ndani ya mwaliko. Kwenye kichwa cha imeili weka jina lako kamili kama lilivyo kwenye fomu, namba ya maombi, tarehe ya intavyuu na neno kujitoa. Tuma mara tu ukishaamua, hata kama ni usiku, kwasababu wengi wana listi ya akiba, na mtu akipigiwa siku tatu kabla anaweza kufika, akipigiwa asubuhi ya siku yenyewe hawezi. Kama intavyuu ni kesho, tuma imeili halafu piga na simu. Kama kuna kitufe cha kujitoa kwenye akaunti yako, usianze na hicho. Andika kwanza, wathibitishe wamepata, ndo ubonyeze kama watakwambia ubonyeze, maana mara nyingi ukishabonyeza hairudi na sababu yako haiandikwi popote.

Hatua ya tatu ndo barua yenyewe. Nyingine niliyotuma Jumatano ile alinisaidia aliyekuwa mkuu wangu wa shule, nilimsomea kwa simu akawa ananiambia "hiyo toa, na hiyo toa". Nawawekea kwa Kiswahili muone mpangilio, nyie mtaandika kwa lugha mliyoombea:

"Ndugu wanapaneli, naandika kuwajulisha kwamba najitoa kwenye intavyuu ya Alhamisi saa 4 asubuhi. Mama yangu amelazwa tangu Jumamosi kwa ugonjwa mkubwa wa ghafla, na mimi ndiye ninayemuuguza, hivyo sitaweza kuhudhuria wala kupanga tarehe nyingine ndani ya msimu huu. Nawashukuru kwa kunichagua na naomba radhi kwa usumbufu wa ratiba. Ninakusudia kuomba tena msimu ujao, na ningeshukuru mkinithibitishia kwamba kujitoa huku hakunizuii kufanya hivyo."

Basi. Angalieni sentensi ya kwanza ina uamuzi, msomaji hahitaji kufika chini ndo ajue unataka nini. Ugonjwa umepata sentensi moja. Presha ya mama haimo, jina la ugonjwa halimo. Mkuu wangu aliniambia kitu sijakisahau, "hizo ni habari za mwili wa mama yako, umemuuliza kama anataka zisomwe na watu asiowajua?" Nikanyamaza. Halafu ile sentensi ya mwisho inauliza kitu kimoja kinachojibika ndio au hapana, na jibu lake ukilipata lihifadhi, ndo karatasi yako ya mwakani. Nilijibiwa siku ya pili, mistari mitatu tu, nikapiga picha ya skrini na nikajitumia kwenye imeili yangu nyingine.

Hatua ya nne wengi wanairuka. Waambie rifarii wako wote siku hiyo hiyo, ujumbe mfupi unatosha, wajue umejitoa wewe, usiwaache wakadhani ulifeli, maana mwakani unarudi kwao kuomba barua nyingine. Na kabla akaunti haijafungwa nakili insha zako zote uziweke kwenye simu. Mimi nilichelewa, moja ikanipotea.

Karibuni maswali.

Neema wa Moro: Shikamoo kaka. Mimi mgonjwa ni mama mkubwa, ndo kanilea tangu mama afariki. Naogopa nikiandika kwa Kiingereza wataona ni shangazi tu wa mbali, niandike ni mama?

Marahaba dada. Usiandike mama kama kwenye fomu uliandika mama ni marehemu, wakilinganisha utaonekana umedanganya na hakuna barua itakayokuokoa hapo. Andika ukweli ila uubebe vizuri, yaani "dada wa marehemu mama yangu, aliyenilea tangu nikiwa mdogo, na mimi ndiye mlezi wake pekee". Neno la Kiingereza peke yake halibebi uzito wa mama mkubwa, kwahiyo uzito unauweka wewe kwa kusema alikulea. Hayo maneno machache yanatosha, hakuna haja ya kuelezea ukoo mzima.

Juma K: Mkuu, niambatanishe barua ya hospitali? Rafiki yangu anasema bila ushahidi hawaamini.

Kwa kujitoa usiambatanishe, huombi kitu, unaachia nafasi, hakuna anayehitaji kukuhakiki. Weka tu kwamba ukihitajika uthibitisho utaleta. Kwa kuomba tarehe nyingine hapo wanaweza kudai, na wakidai omba hospitali ikuandikie barua fupi kwamba fulani amelazwa tangu tarehe fulani na wewe ndo unamuuguza. Usipige picha faili la mgonjwa ukatuma, nimeona mtu katuma mpaka majibu ya maabara ya mzee wake.

Bi Salma: Mwanangu mimi yangu imeshapita. Intavyuu ilikuwa Jumatatu, mume wangu alizidiwa Jumapili usiku nikasahau kila kitu. Leo Alhamisi. Nimenyamaza kwa aibu.

Pole sana bibie, na mzee anaendeleaje? Andika leo, hata kama imepita. Hapo barua inabadilika, huwezi kusema najitoa kwenye kitu kilichopita. Sema "sikuhudhuria intavyuu ya Jumatatu na sikuwajulisha, kwasababu mume wangu alipata hali ya dharura usiku wa kuamkia siku hiyo. Naomba radhi. Siombi intavyuu nyingine msimu huu, naomba tu sababu hii iingizwe kwenye kumbukumbu zangu kwani nakusudia kuomba tena." Ile "siombi intavyuu nyingine" ina kazi kubwa, inamfanya msomaji aisome barua yako bila kujihami. Tofauti ya siku tatu si kubwa, ila ukikaa miezi miwili ndo inakuwa shida kuelezea.

Mdau wa Kitale: Na chuo je? Nina ofa tayari toka huko Uingereza.

Ofa ya chuo na skolashipu ni vitu viwili, kujitoa huku hakuui kule. Waandikie chuo uulize kama wanaruhusu kuisogeza mwaka mmoja, vingi vina utaratibu huo ila kozi na kozi zinatofautiana. Usilipe deposi ya kushikilia nafasi kabla hujajua pesa ya masomo inatoka wapi.

Neema wa Moro: Samahani narudi tena. Mwakani wakiniuliza kwenye intavyuu kwanini ulijitoa nitasemaje, naogopa nitalia.

Sema kwa sentensi mbili, nini kilitokea na sasa nani yuko na mgonjwa. Hiyo ya pili ndo wanayoitaka hasa, wanataka kujua ukienda mwaka mzima nyumbani kutakuwaje. Mimi niliwaambia mdogo wangu kamaliza chuo na anaishi na mama Tukuyu, wakaandika kitu wakaendelea na swali lingine. Ukitokwa na machozi kidogo omba maji, kunywa, endelea.

Juma K: Na wewe mwisho ulipata?

Mwaka uliofuata nilifika intavyuu nikawekwa listi ya akiba, sikuitwa. Wa tatu ndo nikapata. Mama alikuwa anatembea na mkongojo, alinisindikiza mpaka stendi.