Jaribu pedi ya gemu kabla ya kulipia saa ya kucheza

PS5 pamoja na runinga ya maana ni mshahara wa miezi kadhaa kwa wengi wetu, ndiyo maana vibanda vya gemu Dar na Nairobi havikosi watu. Kabla hujatoa hela, omba ufunguliwe uwanja wa mazoezi ndani ya gemu, sukuma kijiti cha kushoto cha pedi hadi mwisho, kisha kiachie. Mchezaji akiendelea kutembea mwenyewe, kijiti kimelika ndani na hakirudi katikati. Dai pedi nyingine. Jaribio hili halikamati runinga inayochelewesha picha. Hiyo utaijua kwenye menyu: unabonyeza, alama inasogea baadaye. Mwenye kibanda awashe Game Mode kwenye runinga ili kupunguza ucheleweshaji huo, ndipo saa yako ianze kuhesabiwa.