Oda ya kwanza au ya pili? Amua kwa grafu, ila usiiamini R² peke yake

Nimeandika hii baada ya kumsaidia dogo mmoja aliyekuwa na data nzuri kabisa halafu akasema mmenyuko wake ni wa oda ya kwanza, kisa R² ilikuwa "juu". Tutumie data ya nitrojeni dayoksaidi ikivunjika kwenye nyuzi 300 za selsiasi, 2NO₂ → 2NO + O₂. Muda uko kwa sekunde, mkolezo kwa mol/L:

```
t      [NO2]
0      0.01000
50     0.00787
100    0.00649
200    0.00481
300    0.00380
```

Hatua ya 1. Weka muda safu ya A, mkolezo safu ya B, kisha ongeza safu mbili na uburute hadi chini. Mimi natumia Excel. Karatasi ya grafu na rula inafundisha kitu, sikatai, ila jicho likishapenda mstari fulani mkono nao unaufuata.

```
C2: =LN(B2)
D2: =1/B2
```

Hatua ya 2. Chora grafu tatu dhidi ya muda: B, C na D. Nukta tupu, usiziunganishe. B ikinyooka ni oda ya sifuri, C oda ya kwanza, D oda ya pili. Hiyo ya mwisho inatoka kwenye 1/[A] = kt + 1/[A]₀, [A] ikiwa mkolezo na [A]₀ ule wa mwanzo, yaani mstari unaopanda, mteremko wake k, unaoanzia 1/[A]₀.

Hatua ya 3, na hapa ndipo watu wanapotea. B inapinda waziwazi, achana nayo. Sasa piga RSQ kwenye safu ya C, unapata kama 0.98. Mtu anaona 0.98 anafunga daftari. Mbaya zaidi, ukichukua nukta tatu za mwanzo tu, hadi sekunde 100, R² ya ln inapanda hadi karibu 0.996! Sababu ni kwamba mpaka hapo mkolezo umeshuka asilimia 35 tu, na kipande kifupi cha mkunjo wowote kinafanana na mstari. Kwa hiyo data ya muda mfupi haiwezi kuamua oda, hata uipendezeshe vipi. Acha mmenyuko uendelee mpaka mkolezo ushuke chini ya nusu, ikiwezekana hadi robo.

Kitu cha kuangalia ni mteremko wa kipande kwa kipande. Kwenye ln unaanza na −0.0048 kwa sekunde, unakuwa −0.0039, halafu −0.0030, mwisho −0.0024, yaani unalala kila hatua bila kurudi nyuma hata mara moja. Makosa ya vipimo hayana nidhamu hiyo, yangeruka juu na chini. Njia nyingine ni kutoa thamani ya mstari kwenye kila nukta uone mabaki: hapa alama zake ni jumlisha, toa, toa, toa, jumlisha. Ncha zote mbili ziko juu ya mstari na katikati iko chini, huo ni mkunjo, R² iseme inavyotaka.

Safu ya D sasa: 100, 127, 154, 208, 263. Miteremko yake ni 0.541, 0.540, 0.538, 0.553. Hiyo ndiyo sura ya mstari. Kile kipande cha mwisho kilichoruka kidogo kisikutishe, maana kugeuza namba ndogo juu chini kunakuza kosa lake: ukikosea 0.0001 kwenye 0.0100 unasogeza 1/[A] kwa 1 tu, lakini kwenye 0.0038 unaisogeza kwa karibu 7. Ndiyo maana nukta za mwisho hutikisika, na usizifute, ndizo zinazotenganisha oda.

Hatua ya 4.

```
=SLOPE(D2:D6,A2:A6)
```

Inatoa kama 0.54, yuniti ni L mol⁻¹ s⁻¹. Kama mwalimu wako anaandika kasi kama −½ d[NO₂]/dt basi mteremko ni 2k, kwa hiyo k inakuwa 0.27. Zote sahihi, sema tu umetumia ipi.

Hatua ya 5. Hakiki kwa nusu-maisha, 1/(k[A]₀), hapa k ni ule mteremko: inakuja kama sekunde 184, na kweli kwenye 200 mkolezo umepita nusu kidogo. Nusu-maisha inayofuata inatakiwa iwe mara mbili, sekunde 368 hivi, wakati ya oda ya kwanza isingebadilika.

Halafu kama mmenyuko wako ni A + B na mikolezo ya mwanzo haifanani, 1/[A] haitanyooka hata kama oda ya jumla ni ya pili. Hapo chora ln([B]/[A]) dhidi ya muda, au mwaga B kwa wingi sana ili A ijifanye ya oda ya kwanza.