Namna ya Kuandika Nia na Kuwaombea Marehemu wa Familia Mwezi wa Novemba

Kila mwisho wa Oktoba mimi hukaa na daftari la jumuiya yetu, nikipokea karatasi za majina ya marehemu kabla hazijapelekwa parokiani. Karatasi nyingi huwa na mstari mmoja tu: "Marehemu wote wa ukoo wetu." Si kosa, na Mungu anawajua wote. Lakini nikimwuliza aliyeileta ni akina nani hao, mara nyingi huanza kuhesabu kwa vidole na kukwama kwa mtu wa nne. Ndiyo maana naandika mwongozo huu. Nitafuata karatasi ya familia moja niliyoisaidia. Majina nimeyabadili, ila mambo yenyewe nayaacha yalivyokuwa.

Hatua ya 1: Andikeni majina mkiwa pamoja

Fanyeni kazi hii wiki ya mwisho ya Oktoba, jioni, wazee wakiwapo. Anzeni na waliofariki mwaka huu, kisha wazazi, mababu na mabibi, halafu ndugu wa pembeni. Andikeni jina la ubatizo na uhusiano: "Anastazia, mama yetu." Usiandike "mama" peke yake, kwa sababu atakayesoma altareni si mtoto wake.

Katika familia ile tulipata majina saba kwa haraka. Kisha pakawa kimya. Bibi mmoja akasema polepole, "Na Yohane je?" Yohane alikuwa mdogo wao, aliyejiua. Kwa miaka mingi hakuna aliyelitaja jina lake kanisani, kwa kudhani kwamba hairuhusiwi. Inaruhusiwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2283, inasema tusikate tamaa juu ya wokovu wa milele wa waliojiua, na kwamba Kanisa linawaombea. Tukamwandika Yohane kama tulivyowaandika wengine, bila kutaja alivyokufa. Karatasi ya nia haihitaji chanzo cha kifo cha mtu yeyote.

Palikuwa pia na babu mzaa mama, aliyeishi na kufa Mwislamu. Naye anaombewa. Katika Sala ya nne ya Ekaristi padri huwakumbuka hata marehemu ambao imani yao inajulikana kwa Mungu peke yake. Nyumbani mtajeni kwa jina lake bila kumbandika jina la Kikristo. Mkitaka Misa kwa ajili yake, mwelezeni paroko hali ilivyo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 901, inamruhusu padri kutolea Misa kwa ajili ya mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa.

Mwisho palikuwa na mtoto mchanga aliyebatizwa akafa baada ya wiki mbili. Huyu hana dhambi ya kutakaswa. Mtajeni kwa shukrani, na ombi lielekezeni kwa mama yake aliyebaki na uchungu. Kama mtoto alikufa kabla ya kubatizwa, mkabidhini kwa huruma ya Mungu, kama Kanisa lenyewe linavyofanya.

Hatua ya 2: Angalieni mnasema na nani

Hapa ndipo maneno yetu hupotea njia. Tumezoea kuandika kwenye simu, "Pumzika kwa amani, mama." Ni neno zuri la kuaga, lakini linaelekezwa kwa mama. Sala ya kumwombea marehemu inaelekezwa kwa Mungu, na marehemu anatajwa kama mtu wa tatu. Sikiliza sala yenyewe:

> Raha ya milele umpe, ee Bwana,
> na mwanga wa milele umwangazie.
> Apumzike kwa amani. Amina.

Anayeombwa ni Bwana, anayepewa ni marehemu. Wakiwa wengi, viambishi vyote vitatu vinabadilika: *uwape, uwaangazie, wapumzike*. Nimesikia mara nyingi mtu akianza na "umpe" na kumaliza na "wapumzike", na jumuiya nzima ikagawanyika katika kuitikia. Kiongozi aamue kabla ya kufungua kinywa.

Kosa la pili ni kutoa hukumu ndani ya sala: "Tunamwombea baba yetu ambaye sasa yuko mbinguni." Kama tuna hakika yuko mbinguni, tunamwombea nini? Tunaomba kwa sababu tunaamini kwamba waliokufa katika neema ya Mungu wanaweza kuwa bado wanatakaswa toharani, na kwamba sala zetu zinawafaa. Semeni, "tunayemtumainia kwamba yumo katika huruma yako." Hayo ni matumaini, nayo yanaacha nafasi ya ombi.

Kosa la tatu ni kinyume chake, nalo hutokana na hofu: "Mzee, tulia huko uliko, usitusumbue." Marehemu wetu si watu wa kutulizwa. Mtu akinieleza kwamba anamwota baba yake kila usiku, namwambia aende akamtolee Misa kwa upendo, wala asiitoe kama malipo ya kumnyamazisha.

Hatua ya 3: Tungeni ombi fupi

Ombi la marehemu lina sehemu tatu: kumwita Mungu, kumtaja marehemu na jambo moja la kweli juu yake, kisha kuomba. Jambo hilo moja ndilo linaloifanya sala iwe ya mama huyu na si ya mama yeyote. Kwa Anastazia watoto waliandika hivi:

> Ee Baba mwenye huruma, tunamwombea mama yetu Anastazia, aliyetufundisha Salamu Maria gizani kabla hatujajua kusoma. Umsamehe alipokosa kwa udhaifu wa kibinadamu, umkamilishie utakaso wake, umfikishe kwenye uso wako. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Baba yao alikuwa na habari nyingine. Aliwaacha wakiwa wadogo, akarudi mgonjwa miaka ya mwisho. Kijana mkubwa alitaka kuandika, "Umsamehe kwa kututelekeza." Nikamsihi asiyasome hayo mbele ya jumuiya, maana sala ingegeuka kuwa baraza la kushtaki mtu asiyeweza kujibu. Lakini pia sikutaka aandike "baba yetu mpendwa, mlezi wetu mwema", kwa kuwa asingeweza kulisema kwa moyo mnyoofu. Tukafika hapa:

> Ee Baba, tunamwombea Petro, baba yetu. Wewe unayajua maisha yake yote. Umwondolee deni lake, nasi utujalie moyo wa kumsamehe, kama tunavyosali katika Baba Yetu.

Kwa Yohane:

> Ee Bwana, unayeona yaliyofichika moyoni, tunaukabidhi kwako uchungu wa ndugu yetu Yohane ambao hatukuuona. Umpokee kwa huruma yako.

Hatua ya 4: Pelekeni nia parokiani

Kuna njia mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni bahasha ya Novemba, ambamo majina ya familia nyingi huwekwa pamoja na kuombewa pamoja. Ya pili ni nia yenu peke yenu, Misa moja kwa ajili ya marehemu mliyemtaja. Mkitaka hii ya pili, semeni wazi mnapoandikisha, na mulize ni siku gani. Mkitoa sadaka ya nia yenu peke yenu, haifai ichanganywe na nyingine bila ninyi kukubali. Kanisa lilitoa agizo kuhusu jambo hili mwaka 1991.

Sadaka hiyo si bei ya Misa, na asiye nayo asibaki nyumbani. Kanuni ya 945 inawahimiza mapadri kutolea Misa kwa nia za waamini, hasa wahitaji, hata bila sadaka. Mwambie paroko au katekista hali yako.

Katika karatasi ya nia weka majina na uhusiano tu. Sala ndefu mliyoitunga ni ya nyumbani na ya jumuiya.

Hatua ya 5: Tarehe 1 hadi 8, nendeni makaburini

Tarehe 1 Novemba ni Sherehe ya Watakatifu Wote, tarehe 2 ni Kumbukumbu ya Marehemu Wote. Tangu mwaka 1915, kwa ruhusa ya Papa Benedikto wa 15, kila padri anaweza kuadhimisha Misa tatu siku hiyo ya pili, kwa hiyo ulizeni ratiba mapema.

Kuanzia tarehe 1 hadi 8, anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu, hata kimoyomoyo, anaweza kupata rehema kamili kwa ajili ya roho iliyo toharani, mara moja kwa siku. Tarehe 2 inaweza kupatikana pia kwa kutembelea kanisa na kusali Baba Yetu na Nasadiki. Masharti ni kuungama, kupokea Komunyo, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu (Baba Yetu na Salamu Maria zinatosha), na kuikana dhambi yoyote moyoni. Ungamo moja linatosha kwa siku kadhaa, ila Komunyo na sala kwa nia za Baba Mtakatifu ni kwa kila rehema moja. Waliokosa rehema hizi wengi wao walisahau kuungama. Si kwamba hawakufika makaburini.

Si lazima liwe kaburi la mtu wako. Binti wa familia ile anaishi Dar es Salaam, na mama yake amezikwa Bukoba, shambani kwao. Alikuwa akilia kila Novemba kwa kukosa nauli. Nikamwambia aende makaburi ya Kinondoni, asimame penye kaburi lolote na amwombee Anastazia. Alikwenda siku tatu mfululizo, kila siku na jina moja.

Hatua ya 6: Jioni nyumbani

Washeni mshumaa, fanyeni ishara ya msalaba, msome Zaburi ya 130, "Toka vilindini nakulilia, ee Bwana." Kisha mtu mmoja asome majina polepole, na wote waitikie baada ya kila jina, "Umpe raha ya milele, ee Bwana." Wapeni watoto majina ya kusoma pia. Fuateni na makumi ya rozari, mkitumia "Raha ya milele" mahali pa "Atukuzwe Baba" kama wengi wetu tulivyozoea. Kukiwa na watoto wadogo, kumi moja kila usiku inatosha. Rozari nzima ikikatizwa na usingizi, majina ya mwisho huwa hayasikiki.

Familia ile ilipofika kwa Yohane, aliyesoma ni yule bibi aliyemkumbusha. Alilisoma jina mara mbili, akanyamaza kidogo, wakamsubiri, kisha wakaitikia.

Baada ya tarehe 8 endeleeni na sala hii ya jioni hadi mwisho wa mwezi. Karatasi ya majina iwekeni ndani ya Biblia, penye Zaburi hiyo, na chini yake muache nafasi.