Somo: Pampu ya losheni inabonyezeka lakini haitoi kitu

Kabla ya kutupa pampu, ichomoe kwenye chupa, tumbukiza mrija wake ndani ya glasi ya maji ya uvuguvugu, kisha bonyeza mara 10 hadi 15. Maji yakitoka, pampu ni nzima. Shida ni hewa iliyokaa ndani au losheni kuwa nzito mno. Yasipotoka, kuna kilichoziba au kulegea.

Juu ya mrija, ndani ya pampu, kuna gololi ndogo. Kichwa kikipanda, gololi hunyanyuka na losheni huingia. Kikishuka, gololi huziba tundu ili losheni itokee mdomoni. Losheni iliyokauka huinatisha. Ikinata imefunga, kichwa hupanda kwa shida au hubaki chini. Ikinata wazi, kichwa hupanda vizuri lakini losheni hurudi chupani.

1. Chomoa mrija huku ukiuzungusha, uutazame kwenye mwanga. Ukiwa umeziba, uloweke dakika 15 kwenye maji ya moto yasiyochemka (yanayochemka huupinda), kisha pitisha waya mwembamba. Waya huo usiuingize kwenye pampu, utakwaruza kikalio cha gololi.

2. Loweka pampu vivyo hivyo, kisha ibonyeze ikiwa majini mpaka maji yatoke bila mabonge.

3. Rudisha mrija mpaka ukaze. Ukilegea, pampu itavuta hewa pale kwenye kiungo hata chupa ikiwa imejaa. Ncha ya chini iwe imekatwa mshazari, isije ikajibana kwenye kitako cha chupa.

4. Pampu ikiwa bado na maji ndani, irudishe chupani. Bonyeza hadi mwisho, achia polepole. Hapa ndipo wengi hukosea: wanabonyeza harakaharaka, na losheni nzito haipati muda wa kupanda. Matone ya kwanza yatakuwa maji, yamwage.

Maswali ya wanachama

*Kuna anayesema nipindue chupa juu chini. Inasaidia?*

Ikiwa imejaa pomoni, labda. Ikiwa nusu, losheni hukimbilia shingoni na ncha ya mrija hubaki hewani, kwa hiyo utavuta hewa tupu. Afadhali uinamishe chupa kuelekea upande ambao mrija umepindia.

*Mkuu, yangu hutoa mara chache, halafu chupa inabonyea na kichwa kinagoma kupanda.*

Legeza kifuniko. Ukisikia hewa ikiingia na chupa ikajaa tena, mrija hauna kosa. Kuna kitundu cha hewa ubavuni mwa pampu, chini ya kifuniko, nacho kimeziba. Osha hapo kwa maji ya moto na mswaki.

*Na pampu ya povu?*

Hiyo ina wavu mdomoni na haiwezi sabuni nzito. Loweka kichwa, kisha tumia sabuni iliyozimuliwa, takriban sehemu 1 ya sabuni kwa 4 za maji. Losheni usiiweke kabisa.