SOMO: Kutunga maswali ya kuchagua ya Historia yanayopima uelewa, si tarehe (mfano: Vita vya Maji Maji)

Kila ikikaribia mitihani ya muhula napokea ujumbe uleule: "Mwalimu, maswali ya kuchagua ya Historia nayatungaje yasiwe ya kukariri?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naweka hapa, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Nitatumia Maji Maji kwa sababu wote tunaifundisha, na ndiyo tunayoiharibu kuliko mada zote. Swali la kawaida ni hili: "Vita vya Maji Maji vilianza mwaka gani? A. 1903 B. 1904 C. 1905 D. 1907." Mtoto anaweza kulipata bila kujua nani alipigana na nani, na anayeielewa vita yote akalikosa kwa kuteleza mwaka mmoja.

Hatua ya 1. Andika kwa sentensi moja kitu unachotaka mwanafunzi aelewe. Cha kwangu: vita dhidi ya Wajerumani vilienea kwa sababu dawa ya maji, iliyoaminika kuzuia risasi, iliwafikia watu wasiokuwa na mtawala mmoja, si kwa sababu kulikuwa na jemadari mmoja wa kuwaamrisha.

Hatua ya 2. Tarehe iweke kwenye shina la swali, usiifanye jibu. Ukimpa mwaka, unamwachia kazi ya kufikiri.

Hatua ya 3. Tafuta fumbo la kweli ndani ya historia yenyewe. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyeanzisha dawa hiyo, alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza huko Umatumbi. Kwa akili ya kawaida vingezimika. Mwezi uliofuata Wangoni wa Songea wakaingia vitani. Kwa nini? Hapo una shina.

Hatua ya 4. Vipotoshi, yaani machaguo yasiyo sahihi, usivitoe kichwani kwako. Wiki moja kabla, wape wanafunzi swali hilohilo bila machaguo, wajibu kwa sentensi mbili kwenye karatasi. Makosa yao ndiyo vipotoshi vyako. Kwenye mada hii utakutana na haya karibu kila mwaka: wanaodhani Kinjikitile alikuwa mfalme wa kusini yote, wanaodhani makabila yote yalikuwa upande mmoja, na wanaoweka njaa miongoni mwa sababu za vita, kumbe njaa ile kubwa ilikuja baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala ili kuvunja upinzani. Hilo la mwisho ni dhahabu, kwa sababu aliyekosea hapo hajasahau tukio, amegeuza tokeo kuwa sababu.

Hatua ya 5. Hakikisha kipotoshi si jibu la pili. Hapa soma polepole, maana hapa ndipo nilipoungua. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na chaguo hili: "Wangoni nao walichoshwa na kilimo cha pamba cha lazima." Niliona ni kipotoshi kizuri. Mashamba ya pamba ya kulazimishwa yaliyoanza 1902 yalikuwa hasa pwani na kusini-mashariki, kwenye maeneo kama Kilwa na Rufiji. Wangoni walikuwa na kero zao nyingine, ikiwamo kupokonywa mamlaka watawala wao. Kwa hiyo kwangu mimi chaguo lile lilikuwa kosa. Lakini mwanafunzi amefundishwa, na mimi mwenyewe nikiwa ubaoni, kwamba pamba ni sababu ya Maji Maji. Akilichagua amekosea nini? Nilipohesabu majibu, waliolikimbilia walikuwa wale wa juu darasani, waliosoma zaidi. Swali lilikuwa linawaadhibu wanaojua.

Tofautisha basi aina mbili za kipotoshi. Kuna kauli isiyo ya kweli, na kuna kauli ya kweli isiyojibu swali. Ya pili ndiyo inayopima uelewa, na ndiyo ya hatari. Ukiitumia, shina lazima liwe jembamba kiasi kwamba kauli hiyo haiwezi kupenya. Namna ya kupima ni rahisi: mpe mwalimu mwenzako swali bila ufunguo, kisha mwombe atetee kila kipotoshi kama wakili, akitumia kitabu wanachosoma wanafunzi. Akipata utetezi kitabuni, kiondoe. Usimbishie, kiondoe.

Swali likawa hivi:

*Kinjikitile Ngwale alinyongwa Agosti 1905. Mwezi uliofuata Wangoni walijiunga na Vita vya Maji Maji. Ni maelezo yapi yanayoonesha vizuri zaidi kwa nini kifo chake hakikuzuia vita kuenea?*

*A. Njaa iliyotokana na kuchomwa mashamba ilikuwa imewasukuma Wangoni kupigana.*
*B. Machifu wa Wangoni walikuwa chini yake na walitaka kulipiza kisasi.*
*C. Wajumbe wengi walikuwa wameshaanza kueneza dawa sehemu mbalimbali.*
*D. Wahehe walikuwa wamewatumia Wangoni askari wa kuwaongezea nguvu.*

Jibu ni C. Anayechagua A amegeuza tokeo kuwa sababu. Wa B anadhani kusini ilikuwa dola moja. Wa D anadhani Waafrika wote walikuwa upande mmoja, wakati Wahehe wa Iringa hawakuingia, na wapo waliopigana upande wa Wajerumani. Kila herufi inakwambia ukafundishe nini Jumatatu.

Hatua ya 6. Linganisha urefu. Jibu sahihi lisiwe refu kuliko mengine, na maneno kama "wote", "daima" na "kamwe" yasiwe kwenye vipotoshi tu.

Hatua ya 7. Baada ya mtihani, hesabu. Panga karatasi kwa alama, chukua theluthi ya juu na theluthi ya chini, kisha chora vijiti: kila herufi imechaguliwa na wangapi kila upande. Kipotoshi kisichochaguliwa na mtu kimekufa, kibadilishe. Kipotoshi kinachovuta wa juu kuliko wa chini kina ugonjwa wa hatua ya 5.

Karibuni maswali. Someni kwanza.

---

Mwl_Kibiti: Mkuu shukrani. Naomba unitumie maswali 50 ya hivi, kidato cha pili, mada zote, kabla ya Ijumaa.

Mwandishi: Hapana.

Mwl_Kibiti: Si vizuri hivyo mkuu, tunasaidiana.

Mwandishi: Nimesaidia kwa hatua saba. Anza na ya 1, lete sentensi yako hapa, nitaisahihisha bure.

Ticha_Juma: Kwa hiyo tarehe tusifundishe kabisa? Hawa watoto watakuwa wanajua historia gani bila miaka?

Mwandishi: Nimeandika wapi tusifundishe? Hatua ya 2. Asiyejua kwamba njaa ilifuata vita hawezi kukataa A. Anahitaji kujua kipi kilitangulia kipi. Hilo ni tofauti na kumtega kati ya 1904 na 1905.

Madam Neema: Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza kuhusu chaguo D. Mwanafunzi wangu mmoja alilikataa papo hapo kwa sababu amesoma kwamba Wahehe walishapigwa na Mkwawa akafa 1898. Amelikataa kwa sababu sahihi au amebahatisha?

Mwandishi: Marahaba, mwalimu. Swali zuri mno. Hoja yake ni nzuri nusu. Wahehe kweli walikuwa wametoka kwenye vita virefu na Wajerumani, na kuchoka huko ni sehemu ya maelezo ya kwa nini hawakujiunga. Lakini kushindwa 1898 peke yake hakutoshi, maana Wangoni nao walikuwa tayari chini ya Wajerumani na bado wakaingia. Ningempa alama, halafu darasani nimuulize: "Kama kutawaliwa ndiyo sababu, mbona Wangoni hawakukaa kimya?" Una hapo shina la swali la pili kabisa. Kumbuka tu kwamba swali la kuchagua halikuoneshi mtoto alifikaje kwenye jibu. Mimi huwa naacha mstari mmoja chini ya swali moja au mawili: "Taja chaguo ulilolikataa na kwa nini." Hauna alama nyingi, ila unasomeka kwa dakika chache na unakufunulia mengi.

Madam Neema: Nimekuelewa, asante sana. Na nikipata vipotoshi viwili tu vizuri, cha tatu hakuna?

Mwandishi: Kama mfumo wa shule haukubani, acha machaguo matatu. Bora hivyo kuliko kujazia "Kinjikitile alihamia Ulaya". Cha kuchekesha hakimpotoshi mtu, kinapunguza tu kazi ya anayebahatisha.

Bwana_Chaki: Mimi naweka "Yote hapo juu ni sahihi". Naona inapima vizuri, wewe hujaitaja.

Mwandishi: Anayejua mawili kati ya matatu ni kweli keshapata jibu bila kulijua la tatu. Na kwa sababu za vita, ambako karibu kila kitu ni kweli, utajikuta unaitumia kila mara na wanafunzi watazoea.

Bwana_Chaki: Miaka kumi na tano kazini sijawahi kulalamikiwa.

Mwandishi: Fanya hatua ya 7 kwenye karatasi za mwisho, kisha tuzungumze.

Mwl_wa_Tandahimba: Shina lako ni refu. Wangu wanasoma polepole, nahofia napima kusoma Kiswahili badala ya Historia.

Mwandishi: Hofu ya haki. Ndiyo maana shina lina sentensi tatu fupi, na maelezo yote yamo kwenye shina, machaguo yamebaki mstari mmoja mmoja. Jaribu kulisoma kwa sauti: ukiishiwa pumzi katikati ya sentensi, ikate. Na punguza idadi. Maswali 10 ya aina hii ni mzigo wa kutosha kwa kipindi kimoja.

Ticha_Juma: Nimerudi kusoma vizuri, naona nilikurupuka. Swali la pembeni: wanatazamiana sana, madawati yamebanana. Mnafanyaje?

Madam Neema: Mimi natoa karatasi mbili, A na B, maswali yaleyale ila mpangilio wa machaguo umebadilishwa. Alama ya karatasi naiweka kwenye tarehe: moja naandika "4 Mei", nyingine "04 Mei". Hawajagundua bado.

Mwandishi: Hiyo naiiba. Ila wakati wa kuhesabu vijiti vya hatua ya 7, tenganisheni rundo kwanza, la sivyo C ya karatasi moja itachanganyika na A ya nyingine.