Somo: Kukisia alama za filamu kwa kuvunja matriki, na namna ya kumpokea mtumiaji mgeni

Ninaandika somo hili kwa sababu swali la kwa nini makisio ya mfumo wa kupendekeza filamu huwa ya chini mno linarudi kila mara, na jibu lake halibadiliki. Tutatumia data ya MovieLens 100K kutoka kundi la GroupLens la Chuo Kikuu cha Minnesota, yenye watumiaji 943, filamu 1,682 na alama 100,000 za kuanzia 1 hadi 5.

Hatua ya 1. Pakua data na usome faili la `u.data`.

Hatua ya 2. Tenga sehemu ya alama kwa ajili ya kupimia.

Hatua ya 3. Acha nafasi tupu zibaki tupu. Takriban asilimia 94 ya jedwali la watumiaji kwa filamu haina alama, na ukiandika `fillna(0)` kisha ukaita `np.linalg.svd`, programu itakwenda bila kulalamika, ilhali umeiambia kwamba kila mtu amezichukia filamu zote ambazo hajaziona. Linganisha wastani wa makisio na wastani wa alama halisi, ambao ni takriban 3.5; ukikuta makisio ni ya chini sana, sifuri zimeingia. Jifunze kutokana na alama zilizopo peke yake.

Hatua ya 4. Kisia hivi:

```
r = mu + b_u + b_i + p_u · q_i
```

Tuseme wastani wa alama zote, `mu`, ni 3.5, mtumiaji ni mbahili wa alama (`b_u` ni −0.3), filamu inapendwa (`b_i` ni +0.6), na vekta zao, `p_u` ya ladha ya mtumiaji na `q_i` ya sifa za filamu, ni (0.8, −0.2) na (0.5, 0.4). Zao la vekta ni 0.32, hivyo kisio ni 4.12. Ikiwa alitoa 3, kosa ni −1.12, na kila kigezo husogezwa kidogo kulipunguza.

Maswali

Mwanachama: Yangu imegoma. Nisaidie.

Mwandishi: Weka ujumbe wa kosa na mistari ya msimbo. Bila hivyo sina la kujibu.

Mwanachama: Mtumiaji mpya hana `b_u` wala `p_u`. Atapendekezewa nini?

Mwandishi: Umegusa penyewe, ndugu. Kwake hubaki `mu + b_i`, kwa hiyo wageni wote hupata orodha moja ya filamu zinazopendwa. Akishatoa alama chache, usifundishe mfumo upya. Zishike `q_i` zilizopo na utafute `b_u` na `p_u` zake pekee kwa rigresheni yenye adhabu, yaani inayozuia namba hizo zisiwe kubwa mno. Filamu mpya ni ngumu zaidi, kwa kuwa hakuna aliyeipa alama. Ianzishe kwa wastani wa `q_i` za filamu za aina yake. Tahadhari: katika data hii kila mtumiaji ana angalau alama 20, kwa hiyo matokeo mazuri hapa hayathibitishi kwamba mfumo unawamudu wageni. Ficha alama zote za baadhi ya watumiaji, kisha uzifunue moja moja huku ukipima.

Mwanachama mwingine: Nyongeza: safu ya nne ya `u.data` ni muda. Mkitenga kwa bahati nasibu, mfumo hujifunza kwa alama za kesho kukisia za jana.

Mwandishi: Ni kweli, na hatua ya 2 ifanywe kwa kufuata muda.