Kupanga au Kununua Kampala: Hesabu ya Pango Lako, Ofa ya Benki na Akiba Uliyonayo

Nimekaa miaka tisa kwenye meza ya mikopo ya nyumba katika benki moja hapa Kampala. Wateja wengi waliokuja walikuwa na sentensi moja tayari mdomoni: "Pango ni pesa ya kutupa." Mwongozo huu unaipima sentensi hiyo kwa karatasi tatu ambazo tayari unazo au unaweza kuzipata wiki hii: kumbukumbu za pango ulilolipa, ofa ya benki, na taarifa ya akiba yako.

Nitatumia hesabu za wanandoa niliowasaidia. Mke ni muuguzi, mume ni fundi umeme, na wamepanga nyumba ya vyumba vitatu Kyaliwajjala. Jirani yao alikuwa anauza nyumba inayofanana kabisa na yao kwa shilingi milioni 180. Mfanano huo ni muhimu sana. Ukilinganisha pango la vyumba viwili na bei ya nyumba ya vyumba vinne yenye uwanja, utakuwa unalinganisha maisha mawili tofauti, na hesabu haitakuambia kitu.

Hatua ya 1: Andika pango ulilolipa kweli

Usiandike pango unalolikumbuka. Fungua ujumbe wa simu wa malipo, au risiti za mwenye nyumba, urudi nyuma miaka mitatu. Hawa walilipa 850,000 kwa mwezi mwaka wa kwanza, kisha 900,000 kwa miaka miwili. Jumla ni milioni 31.8, na pango lilipanda mara moja tu, kwa karibu asilimia 6. Mume alikuwa anaamini mwenye nyumba "anapandisha kila mwaka". Risiti zilisema vingine.

Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inamzuia mwenye nyumba kupandisha pango kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kwa hiyo unapokadiria pango la kesho, anza na mwendo wa risiti zako, na uiweke asilimia 10 kama ukingo wa juu. Pango lao la sasa kwa mwaka ni milioni 10.8. Shika namba hiyo.

Hatua ya 2: Isome ofa ya benki hadi ndani

Benki iliwaahidi asilimia 80 ya thamani, yaani milioni 144, kwa riba ya asilimia 17 na muda wa miaka 15. Andika hivi kwenye Excel au Google Sheets:

```
=PMT(17%/12,180,-144000000)
```

Jibu ni kama 2,216,000 kwa mwezi. Wengi huishia hapo, wakaweka 2,216,000 kando ya 900,000 na kusema, "Ndiyo, ni nyingi, lakini mwisho nyumba ni yangu." Ingia ndani zaidi. Uliza katika malipo ya mwaka wa kwanza ni kiasi gani kinakwenda kwenye riba:

```
=CUMIPMT(17%/12,180,144000000,1,12,0)
```

Inatoka kama milioni 24.3, ikiwa na alama ya kutoa mbele. Wanandoa hawa wangelipa milioni 26.6 mwaka huo, na deni lenyewe lingepungua kwa milioni 2.3 tu. Mke alinyamaza, kisha akaniomba nirudie. Nikamwonyesha mwezi wa kwanza peke yake: katika 2,216,000, riba ni 2,040,000 na deni linapungua kwa 176,000. Kama pango ni pesa isiyorudi, basi riba nayo hairudi, na hapa riba ni zaidi ya mara mbili ya pango.

Kwenye ofa hiyohiyo tafuta neno linaloeleza kama riba inabadilika. Mikopo mingi ya shilingi hufuata riba ya msingi ya benki husika, na benki huitazama riba ya Benki Kuu. Mwaka 2022, kati ya Juni na Oktoba, Benki Kuu ya Uganda ilipandisha riba yake hadi asilimia 10, kutoka 6.5. Jaribu ofa yako kwa asilimia 20. Kwa hawa, marejesho yangefika karibu 2,529,000. Na ukiona ofa ya dola yenye riba ndogo huku mshahara wako ni wa shilingi, iache, maana siku dola inapopanda, marejesho yanapanda nayo na mshahara unabaki palepale.

Hatua ya 3: Ihesabu akiba mara mbili

Walikuwa na milioni 48 kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Mara ya kwanza tuliihesabu kama pesa ya kuanzia. Sehemu yao ya bei, asilimia 20, ni milioni 36. Ushuru wa stempu wa kuhamisha umiliki ni asilimia 1.5 ya thamani, yaani milioni 2.7. Ushuru wa stempu kwenye hati ya rehani wakati huo ulikuwa asilimia 0.5 ya mkopo, yaani 720,000. Ada ya benki kwenye ofa yao ilikuwa 2,160,000, mthamini 600,000, na wakili pamoja na usajili 2,820,000. Ukijumlisha gharama hizi pamoja na ile milioni 36 unapata milioni 45. Wangebakiwa na milioni 3, ambazo hazitoshi hata marejesho ya miezi miwili.

Na hapo tumechukulia kwamba mthamini atakubaliana na muuzaji. Ripoti ya mthamini huwa na thamani mbili: ya soko, na ya kuuza kwa haraka, ambayo huwa chini. Iulize benki mapema inakopesha juu ya ipi. Nimewaona watu waliokwisha kumpa muuzaji pesa ya kushikilia nyumba, kisha ripoti ikatoka chini ya bei. Kama hii ingethaminiwa milioni 165, asilimia 80 yake ni milioni 132. Wangetakiwa kuongeza milioni 12 kutoka mfukoni, na hawakuwa nazo. Kwa sababu hiyo usimlipe muuzaji chochote kisichorudishwa kabla ripoti haijatoka na wakili hajaipekua hati kwenye ofisi ya ardhi. Kama ni ardhi ya mailo, wakili aangalie pia kama kuna watu wenye kibanja juu yake. Hao hawaondoki kwa sababu tu umenunua hati.

Mara ya pili tuliihesabu akiba kama ushahidi. Milioni 48 zilikusanywa kwa miaka minne. Ukiondoa faida ambayo mfuko ulikuwa umewaletea, wao wenyewe waliweka chini kidogo ya milioni moja kwa mwezi. Tukasema milioni moja, tusiwabane. Sasa tazama. Marejesho yanazidi pango kwa 1,316,000. Matengenezo na bima tulivikadiria milioni 2.5 kwa mwaka, kama 208,000 kwa mwezi. Nyumba ingewadai 1,524,000 kila mwezi juu ya wanachotumia leo kwa pango, na rekodi yao inaonyesha wanaweza milioni moja. Pengo ni zaidi ya nusu milioni, kila mwezi, kwa miaka 15. Benki inaangalia mshahara na kusema unaweza. Akiba yako inasema ulichoweza.

Hatua ya 4: Weka visivyorudi upande mmoja

Sasa linganisha mwaka mmoja kwa mwaka mmoja, ukichukua pesa ambazo hazirudi tu. Sehemu inayopunguza deni usiihesabu, maana hiyo bado ni yako.

Ukipanga, haikurudii milioni 10.8.

Ukinunua, hazikurudii riba milioni 24.3, na matengenezo na bima milioni 2.5. Ongeza na faida ambayo akiba yako ingekuletea kama ungeiacha ilipo. Mfuko wao uliwapa asilimia 10 mwaka uliopita, hivyo milioni 45 zingezaa milioni 4.5. Jumla ni milioni 31.3. Zile milioni 9 za gharama za kununua hulipwa mara moja tu, kwa hiyo zenyewe hatukuziweka kwenye hesabu hii ya mwaka.

Tofauti ni milioni 20.5. Kitu kimoja tu kinaweza kuliziba pengo hilo, nacho ni nyumba kupanda bei. Gawanya 20.5 kwa 180 na unapata kama asilimia 11.4. Hiyo ndiyo namba uliyokuwa unaitafuta tangu mwanzo: nyumba ile lazima ipande kwa zaidi ya asilimia 11 mwaka huo ili kununua kulingane na kupanga.

Hatua ya 5: Ipime namba hiyo mtaani

Dalali atakuambia kila kitu Namugongo na Kira kinapanda. Muulize kuhusu nyumba zilizouzwa kweli, na zilikaa sokoni muda gani. Kumbuka pia kinachopanda ni ardhi. Jengo linachakaa, paa linaanza kuvuja, mabomba yanaziba. Sisi tulipata nyumba mbili za mtaa huo zilizouzwa tena. Tukipiga hesabu, moja ilikuwa imepanda kwa kama asilimia 6 kwa mwaka, nyingine 8. Mbili ni chache, lakini zote zilikuwa mbali na 11.

Ukiwa na makadirio yako, unaweza kuuliza kinyume: nikope kiasi gani hesabu ikubali? Kwa asilimia 8, nyumba ingepanda milioni 14.4 kwa mwaka. Jumlisha na pango la 10.8, utaona gharama zisizorudi zinaweza kufika milioni 25.2. Ondoa 2.5 za matengenezo na bima, zinabaki 22.7 za kugharamia pesa yote, yaani bei pamoja na gharama za kununua, milioni 189. Kama zote zingekuwa akiba yako, zingekugharimu asilimia 10, ambayo ni 18.9. Kila shilingi ya mkopo inaongeza asilimia 7 juu ya hapo. Nafasi iliyobaki ni milioni 3.8, na 3.8 gawanya kwa 0.07 ni kama milioni 54. Mkopo wa milioni 54 ungekubali. Wa milioni 144 haukubali. Kwa asilimia 6, hesabu hiyohiyo inaacha mkopo wa kama milioni 3 tu.

Hatua ya 6: Ishi na marejesho kabla ya kuyasaini

Kama bado unaitaka nyumba, na mtu ana haki ya kuitaka kwa sababu zisizo za pesa, chukua tofauti kati ya pango lako na kile ambacho nyumba ingekudai kila mwezi, ujilipe mwenyewe kwa miezi sita. Kila mshahara ukiingia, siku hiyohiyo, hamisha tofauti yote kwenye akiba. Chagua miezi inayogusa ada za shule za muhula na sikukuu, siyo miezi myepesi.

Wanandoa wa Kyaliwajjala walianza Januari na 1,524,000. Januari walifika. Februari, ada za watoto wawili ziliwafanya warudishe 700,000. Machi mama yake mume aliugua Busia, wakahamisha 400,000 tu. Aprili walinipigia simu wakiwa pamoja, simu iko juu ya meza. Mke akasema, "Kaka, benki isingetuelewa Machi." Wamemwomba mwenye nyumba mkataba wa miaka miwili kwa 900,000 bila kupandisha, naye akakubali kwa sharti walipe kwa miezi mitatu mitatu. Milioni 48 zimebaki kwenye mfuko, na sasa wanatafuta kiwanja chenye hati, cha kulipia taslimu, upande wa Mukono.